Barua ya mume kutoka Palma: ‘Nilifanya mimi, si vita’

NI karatasi mbili zilizochanwa katika daftari la mahesabu. Upande mmoja kuna orodha ya bidhaa: khanga, sabuni, unga. Upande wa pili mfanyabiashara mmoja wa samaki wakavu amemwandikia mkewe kuwa alitoka nje ya ndoa.

Aliiandika akiwa Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado, nchini Msumbiji. Mkewe yuko Mocimboa da Praia, mji ambao wengi wetu tunauita Msimbwa. Wote wawili wameturuhusu kuisimulia barua hiyo bila kutaja majina, kwa sababu, kama alivyosema mume, “wanaopita njia hii ya Kilambo na Namoto tupo wengi, na uongo wetu unafanana.”

Kisa chenyewe wasomaji wengi wa ukanda huu watakitambua. Mji wa Msimbwa ulipotekwa na waasi Agosti 2020, mume alikuwa Mtwara kwa biashara. Mke alikimbia na watoto wawili kwa mashua hadi ufukwe wa Paquitequete, Pemba. Mume alibaki Mtwara, na huko akaanza uhusiano na mwanamke mwingine. Majeshi ya Rwanda na Msumbiji yaliurudisha mji Agosti 2021. Mke alirejea nyumbani 2022, mume akamfuata mwaka uliofuata. Lakini kila alipovuka Ruvuma kufuata bidhaa, alirudi kwa yule mwanamke.

Barua iliyochanwa

Barua hii ni ya pili. Ya kwanza aliichana mwenyewe baada ya kuisoma kwa sauti.

“Niliandika kwamba vita vilitutenganisha, upweke ukanizidi, shetani akanipitia, ikatokea,” anasema. “Nikaona humo ndani kila mtu amefanya kazi isipokuwa mimi.”

Hapo ndipo penye siri ya maungamo. Kiswahili chetu kina maneno mengi ya kumtorosha mtenda. Tunasema “nimeteleza,” kana kwamba sakafu ndiyo iliyokuwa na maji. Tunasema “ilitokea,” na hakuna aliyeitokeza. Anayetaka kujua kama anaombwa radhi au anabembelezwa na atazame mwanzo wa kitenzi. Pakiwa na “ni”, yaani nilifanya, nilidanganya, nilichukua, basi kuna mtu amesimama pale. Pakiwa na “i” au “vi”, yaani ilitokea, vilitutenganisha, mwenyewe amekwishaondoka.

Si kwamba vita havikuwa na uzito. Viliwatenganisha kweli. Lakini mke naye alitenganishwa na mumewe, akalala ufukweni na watoto, na hakufanya alichofanya mume. Tena mume alirudi nyumbani na bado akaendelea. Kwa hiyo vita vinaeleza kwa nini alikuwa Mtwara. Haviwezi kueleza aliyoyafanya baada ya kurudi.

Hii hapa sehemu kubwa ya barua ya pili:

“Mama watoto, asalamu alekum. Nina neno zito. Kaa chini kwanza, na watoto wasiwepo.

“Nilikuwa na mwanamke Mtwara tangu mwishoni mwa 2020 hadi Januari mwaka huu. Nimeacha. Hukunikosea kitu kilichonipeleka huko. Yeye pia hana kosa kwako, kwani nilimdanganya. Nilimwambia kuwa mke wangu alikufa vitani. Nilikuua kwa mdomo wangu nawe uko Pemba unaniombea dua. Sasa nimemwambia ukweli.

“Mara tatu nilikwambia kuwa fedha zimechukuliwa mpakani. Hakuna aliyezichukua. Nilizitumia mimi, kwa kodi ya chumba na matumizi ya kule. Jumla ni shilingi 850,000 za Tanzania. Ulikopa kwa ajili ya uongo huo. Nitarudisha 50,000 kila mwezi, kwa miezi 17, utakaa nazo wewe.

“Nilipima Februari na sikukutwa na virusi, lakini ilikuwa mapema mno. Kipimo changu hakikupimi wewe. Nenda ukapime, na usikubali kulala nami bila kinga.

“Sikuombi unisamehe leo. Ukitaka kunihoji nitajibu. Ukitaka kwenda kwa mjomba wako nitakuja nikae mbele yake. Ukitaka kuachana, sitakupinga wala sitasema umevunja nyumba. Niliivunja mimi.”

Haki tatu za mke

Katika mwambao huu wenye Waislamu wengi lipo swali la haki: je, mtu hatakiwi kuficha aibu yake na kutubu kwa Mola wake? Ni kweli dini inakataza kutangaza madhambi. Lakini katika masharti ya toba mnafundishwa pia kuwa aliyedhulumiwa arudishiwe haki yake. Mume huyu hakusimama sokoni kutangaza. Alimwandikia mtu mmoja, na katika yale aliyoandika kulikuwa na haki tatu ambazo mke asingeweza kuzidai bila kujua: fedha, jina na afya.

Fedha zinahesabika. Jina ni lile la mke aliyezikwa kwa maneno wakati yu hai. Afya ndiyo inayohitaji maelezo zaidi, kwani hapo ndipo wengi hujifariji vibaya.

Utafiti wa kitaifa uliofanyika Msumbiji mwaka 2021 ulionyesha kuwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi walioishi na virusi vya ukimwi walikuwa asilimia 12.5, yaani mtu mmoja katika kila wanane. Kipimo cha haraka cha kidoleni kinatafuta askari wa mwili, na mwili huchukua muda kuwatengeneza. Ndiyo maana mtu aliyeambukizwa Januari anaweza kupimwa Februari asionekane. Jibu la kuaminika huja baada ya miezi mitatu tangu tendo la mwisho la hatari.

Kwa mume, miezi hiyo inahesabiwa tangu alipokutana mara ya mwisho na mwanamke wa Mtwara. Kwa mke, inahesabiwa tangu alipolala mara ya mwisho na mumewe bila kinga. Kalenda zao ni mbili, na kila mmoja apime kwa yake. Wapime kaswende pia, ambayo hutibika kwa sindano za penisilini. Na kama tendo limefanyika ndani ya saa 72, mhusika akimbilie hospitali mara moja, kwani zipo dawa za kuzuia virusi zinazomezwa kwa siku 28. Anayesubiri ujasiri wa kuungama hadi saa hizo zipite amemnyang’anya mwenzake nafasi hiyo.

Kwa mkono wake

Kwa nini karatasi, wakati simu ipo? Simu ya mke huchezewa na watoto, na ujumbe wa sauti husikika hadi kwa jirani. Mume alipanda gari kutoka Palma, akampa barua mkononi, akaenda kulala kwa ndugu yake. Hakutuma wazee watangulie kumlainisha, na hakueleza ya chumbani. Anasema hayo yangemuumiza mke na kumpunguzia mzigo yeye tu.

Mke anasema aliisoma mara mbili. Mara ya kwanza alitafuta mahali alipolaumiwa, kwa sababu alikuwa ameshajiandaa kujitetea. Hakupaona. “Nikakosa wa kugombana naye,” anasema. “Nikalia tu.”

Siku ya tatu alikwenda kupima, akifuatana na dada yake. Mjomba bado hajaambiwa. Hadi tunakwenda mitamboni, mume alikuwa amerudisha 50,000 mbili na bado analala kwa ndugu yake. Jibu pekee la maandishi alilopata lilikuja nyuma ya karatasi ileile, chini ya orodha ya sabuni na unga:

“Nimesikia. Usije kwanza. Fedha mpe dada.”