Maneno ya Saa ya Kwanza Mtu Anapofia Kazini

Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka mwajiri amjulishe afisa wa usalama na afya kazini wa eneo lake ndani ya saa 24 mfanyakazi anapofariki kwa ajali kazini. Taarifa ya maandishi kwenye fomu rasmi hufuata ndani ya siku 7. Ile ya kwanza yaweza kuwa simu au ujumbe mfupi, nayo huandikwa mikono ikitetemeka. Ndiyo maana makosa mengi huzaliwa hapo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Fundi wa plasta ameanguka kutoka jukwaa la mabomba, ghorofa ya nne ya jengo linalojengwa Mombasa. Chini pamekutwa ubao wa jukwaa uliovunjika vipande viwili. Mkanda wake wa usalama unaning'inia kwenye bomba huko juu. Msimamizi aliyeshtuka huandika hivi: “Ubao ulivunjika, na marehemu hakuwa amevaa mkanda.” Sentensi hiyo ni fupi, lakini ina hukumu mbili. Ubao huenda ulivunjika ulipofika chini. Mkanda huenda aliufungua ili ahamie upande wa pili, au ulikatika. Hilo litajulikana baada ya uchunguzi, na kumtwika marehemu lawama kabla ya hapo ni kumdhulumu mtu asiyeweza kujibu.

Ujumbe ulio sawa husema kilichoonekana, basi: “Leo Jumanne, saa 4:10 asubuhi, fundi wa plasta mwenye umri wa miaka 34 alianguka kutoka jukwaa la ghorofa ya nne. Fundi mwenzake alimwona akiwa tayari anaanguka; hatujapata aliyeona jinsi ilivyoanza. Alipelekwa hospitali, na daktari akathibitisha kifo saa 5:05. Ubao uliovunjika umekutwa chini, mkanda wa usalama umekutwa juu kwenye bomba. Kazi imesimamishwa, pamezungushiwa utepe, na polisi wamejulishwa. Chanzo hakijajulikana.” Mwishoni huja jina kamili la marehemu, jina la mwajiri, mahali penyewe, na simu ya mtu mmoja atakayejibu maswali.

Saa nazo zaweza kupotosha. Fomu zikijazwa kwa Kiingereza, saa 4:10 yetu ya asubuhi ni 10:10. Shahidi akisema “saa nne” na karani akaandika 4:00, ajali imehamishwa kwa muda wa saa sita, na maelezo hayatalingana tena na kumbukumbu za hospitali. Muulize shahidi: kabla au baada ya chai ya saa nne? Na pale mahali pasiguswe ila kwa kuokoa uhai au kuondoa hatari. Ubao ukiokotwa na kuegemezwa ukutani ili “pawe safi”, ushahidi umeharibika.

Kwa familia, ukweli ni uleule, lakini njia ni nyingine. Wengi wetu tumezoea kumpigia mtu na kumwambia, “Ameumia kidogo, njoo hospitali.” Nia ni njema, lakini naona ni ukatili: mke anasafiri na matumaini, kisha anapokelewa na mlango wa mochari. Afadhali watu wawili waende nyumbani mapema, kabla picha hazijasambaa kwenye simu za watu. Mmoja awe mkuu wa kazi, mwingine mtu anayeijua familia. Wamtafute kwanza mzee wa nyumba:

“Shikamoo mzee. Mimi ndiye msimamizi wa kazi ya kijana wako. Nimekuja na habari nzito. Leo asubuhi alianguka kutoka jukwaani. Alikimbizwa hospitali, lakini amefariki. Poleni sana.”

Hapo anyamaze, awaache walie. “Amefariki” litamkwe waziwazi. Ukisema “hali yake ni mbaya” mtu atauliza ni wodi gani. Akiulizwa kama alikosea, jibu la haki ni: “Bado hatujui. Wachunguzi wanafanya kazi, na tutawaambia watakachopata.” Akiulizwa kama aliteseka, aseme alichoelezwa na daktari tu. Kiasi cha fidia kisitajwe siku hiyo.

Jambo linaloleta ugomvi zaidi Pwani ni maziko. Familia ya Kiislamu itataka kuzika upesi, labda jioni ileile, huku polisi wakiushikilia mwili ili daktari aufanyie uchunguzi wa maiti. Usiwaache wakagundue mocharini. “Mzee, polisi wanahitaji uchunguzi wa daktari kabla ya kutoa mwili. Nimewaomba uharakishwe. Huyu mwenzangu atakaa nanyi, na hii ndiyo namba ya afisa anayeshughulikia.” Tena aseme lini atarudi na habari, na saa hiyo ikifika arudi hata kama hana jipya.