Wali wa Nazi kwa Wageni

Katika mafunzo ya mapishi ya watalii Zanzibar, wali wa nazi humtaka mkalimani awe makini kuliko biriani, kwa kuwa viungo vyake ni vichache na kosa halifichiki. Mgeni huketi juu ya mbuzi, akakuna nazi kwenye chuma chenye meno. Huelezwa mapema kwamba hicho ni kigoda cha kukunia, maana jina lake likifasiriwa neno kwa neno atatafuta mnyama.

Nazi iliyokunwa huchanganywa na maji ya uvuguvugu na kukamuliwa kwa kifumbu au chujio. Mkamuo wa kwanza ni tui zito. Maji yakiongezwa, hupatikana tui jepesi. Hapo ndipo tafsiri nyingi huharibika: yote mawili yakiitwa maziwa ya nazi, mgeni huyamimina pamoja. Kwa vikombe 2 vya mchele uliooshwa, vikombe 2 vya tui jepesi na chumvi hutangulia jikoni. Mchele ukishakaribia kukauka, kikombe 1 cha tui zito hufuata, moto ukiwa mdogo. Tui likichemshwa kwa nguvu hukatika, mafuta yakajitenga.

Mwisho wali hupaliwa: makaa machache huwekwa juu ya mfuniko na machache chini. Kumwambia mgeni “funika” hakutoshi, kwani joto la juu ndilo linaloukausha wali. Asiye na makaa kwao hutumia oveni yenye moto mdogo.