Kuvunja ushirika: deni la ghala na deni la mshirika

Tuchukue ndugu wawili wanaonunua mahindi Sumbawanga, wa kwanza kwa mtaji wa milioni 6, wa pili milioni 4. Ushirika ni akdi isiyofunga, hivyo mmoja akitaka kuuvunja, huvunjika.

Mali ikauzwa, zikapatikana milioni 13. Wakulima wa Ufipa waliowakopesha mahindi wanadai milioni 5. Hao hulipwa mwanzo. Zinabaki 8, yaani hasara ya 2. Hasara hufuata mtaji, hata wakiandikiana vinginevyo: wa kwanza atachukua milioni 4.8, wa pili 3.2. (Faida nayo, kwetu Mashafii, hufuata mtaji, Mahanafi na Mahanbali huruhusu kupatana.)

Sasa wa pili ana deni lake mwenyewe la milioni 4, la harusi ya bintiye. Mdai huyo hagombanii ghala na wakulima, kwani fungu la mdaiwa wake halijulikani mpaka wao walipwe. Atapata hizo 3.2, na laki 8 zilizobaki atamdai aliyekopa. Kwa mshirika mwenzake hana haki. Sheria ya Mikataba ya Bara, Sura ya 345, nayo huanza na deni la ushirika.

Linaloharibu hesabu ni mshirika kuchota fedha za ghala mapema akalipe deni lake. Alichochota huandikwa juu yake, kikakatwa katika fungu lake.