Pombe Haipashi Mwili Moto

Mwezi wa Julai, katika nyanda za juu za Makete mkoani Njombe, kuna asubuhi ambazo nyasi huamka nyeupe kwa sakitu. Watu hukaa jikoni kando ya moto mpaka jua lipande. Jioni, wengine huhamia kilabuni, na ukiwauliza kwa nini wanakunywa komoni katika baridi ile, watakujibu kuwa wanapasha mwili moto. Wanasema kwa nia njema kabisa, kwa sababu ndivyo wanavyohisi. Lakini joto lile ni hadaa, na ni hadaa inayoweza kuua.

Chukulia mkulima mmoja wa huko anayetoka kilabuni saa tatu usiku. Nyumbani kwake ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Nje kuna nyuzijoto 4 hivi, upepo unavuma, na manyunyu ya jioni yameacha majani yamelowa. Amekunywa tangu alasiri na hajatia kitu tumboni tangu ugali wa mchana. Uso unamwaka, masikio yana moto, na koti amelifungua vifungo. Mtu akimwambia afunge koti atakataa, atasema hasikii baridi. Hasemi uongo. Kweli haisikii, na hatari inaanzia hapo hapo.

Hisia ya joto na baridi kwa sehemu kubwa hutoka kwenye ngozi. Kina cha mwili, yaani moyo, ini na ubongo, kinahitaji kubaki karibu na nyuzijoto 37, na baridi ikija mwili hujua la kufanya: hubana mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi, hasa ya mikono na miguu, ili damu yenye joto ibaki ndani. Ndiyo maana vidole hupauka na kufa ganzi. Inauma, lakini ni uchungu wa kinga. Ngozi inaachwa ipoe ili moyo usipoe.

Pombe hulegeza mishipa ile. Damu iliyokuwa imefichwa ndani humiminika kuja juu, ngozi hupata moto na uso huwa mwekundu au hung'aa. Ubongo ukipata habari kutoka kwenye ngozi kwamba kuna joto, huamini kuwa mwili mzima uko salama. Kumbe hakuna hata chembe ya joto jipya la maana iliyoongezeka. Ni lile lile la ndani limetolewa nje, na upepo wa Makete unalichukua. Ni kama mtu aliyefungua milango yote ya nyumba ili jirani aone moto wake unavyowaka jikoni.

Mkulima wetu anaendelea kutembea. Kama angekuwa hajanywa, kwa wakati huu angekuwa anatetemeka. Kutetemeka ni kazi: misuli inachoma sukari na kuzalisha joto, na ndiyo njia ya haraka aliyo nayo binadamu ya kujipasha. Pombe hupunguza mtetemeko huo. Tena inamwekea kikwazo cha pili. Kwa kawaida mtu mwenye njaa hutegemea ini limtengenezee sukari ya kuendeshea mwili, lakini ini lililo na kazi ya kuvunja pombe hushindwa kuitengeneza ipasavyo. Kwa hiyo mlevi asiyekula anapoteza joto haraka na wakati huo huo hana kuni za kutosha za kuliwasha upya.

Kuna wakati watu huuliza: basi hata glasi moja? Glasi moja kwa mtu aliyeshiba, aliyevaa vizuri, aliye ndani ya nyumba, haitamshusha joto la kutisha. Hata nje, baridi kali yenyewe inaweza kuibana tena mishipa ya aliyeonja kidogo. Anayeangamia ni yule aliyekunywa nyingi, akachoka, ana njaa, nguo zimelowa, na usiku bado ni mrefu. Nguo mbichi peke yake ni janga, kwa kuwa maji hunyonya joto la mwili kwa kasi kubwa kuliko hewa kavu.

Halafu kuna akili. Mtu mzima asiyelewa akisikia baridi hugeuka, hutafuta banda, hugonga kwa jirani. Aliyelewa hukaa chini kidogo apumzike. Mkulima wetu anakaa kwenye ukingo wa barabara, anaegemea mgomba wa udongo, anasinzia.

Joto la ndani likishuka chini ya nyuzijoto 35, madaktari huita hali hiyo haipothemia. Mwanzoni mtu hupepesuka, ulimi huwa mzito, vidole hushindwa hata kufunga kifungo. Likifika karibu na 32, kutetemeka hukoma, na anachanganyikiwa. Likishuka chini ya 28, fahamu hupotea na moyo unaweza kupoteza mpigo wake ghafla. Wengine kabla ya kufa huvua nguo wenyewe katikati ya baridi, kwa sababu mishipa ya ngozi iliyochoka kubana huachia mara moja na kuwafanya wahisi wanaungua.

Soma tena dalili za mwanzo: kupepesuka, ulimi mzito, kuchanganyikiwa, usingizi. Hizo hizo ni dalili za ulevi. Wapitaji wanamtazama mtu aliyelala kando ya njia, wanasema, "Amelewa huyo, mwacheni alale," na wanakwenda zao. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote katika habari hii.

Imani hii si ya Makete peke yake. Huko Ulaya, kwenye kivuko cha milima ya Alpi kiitwacho Mtakatifu Bernado Mkuu, mita 2,469 juu ya usawa wa bahari, watawa walifuga mbwa wakubwa wa kutafuta wasafiri waliopotea thelujini. Mwaka 1820 mchoraji Mwingereza Edwin Landseer alimchora mbwa wa aina hiyo akiwa na kipipa cha pombe shingoni, na picha ile ikaenea duniani kote. Lakini hakuna ushahidi kwamba mbwa wale walibeba pombe kazini. Na lingekuwa jambo baya kama wangeibeba: msafiri aliyeganda angefunguliwa mishipa ya ngozi wakati ule ule anapohitaji ifungwe.

Utamjuaje mlevi aliyepoa? Ingiza kiganja chako ndani ya shati lake, kwenye tumbo au kifua. Mikono baridi si ajabu, lakini tumbo likiwa baridi, hilo ni jambo la hospitali. Na kama alikuwa akitetemeka kisha ameacha, ilhali bado hajapashwa moto, usifurahi: anazidi kuzama.

Mwingize ndani taratibu, bila kumrusharusha, kwa maana moyo uliopoa hauvumilii msukosuko. Mvue nguo mbichi, mfunike kwa mablanketi makavu pamoja na kichwa, mpashe kifua na mgongo kwanza. Usimsugue mikono wala miguu na usimkalishe karibu na moto mkali, kwani ngozi iliyokufa ganzi huungua bila kusikia. Kama yu macho na anameza vizuri, mpe chai ya moto yenye sukari. Kama hajitambui, usimnyweshe kitu. Mlaze ubavu asipaliwe, na tafuta usafiri wa kumfikisha kituo cha afya. Wala asiongezewe pombe "kidogo ya kumchangamsha". Na wewe unayepita njia ile usiku wa Julai, ukimkuta amelala, simama umguse tumbo.