"Unastahili mtu bora kuliko mimi": tasfida za kukataa mapenzi

Tasfida ni usemi wa upole unaotumiwa mahali pa neno kali. Katika mapenzi neno kali ni *sikutaki*, nalo husemwa kwa nadra kwa sababu humwaibisha anayeambiwa. Tazama jibu hili la msichana kwa kijana aliyemwomba uchumba:

*Wewe ni mtu mwema, kaka yangu. Unastahili mtu bora kuliko mimi. Mimi nataka kwanza nimalize masomo.*

Hakuna kikanushi hata kimoja katika jibu hili, lakini limekataa mara tatu.

Kukataa kwa kwanza kumo katika *kaka yangu*. Neno hilo ni la heshima, ila humweka kijana katika udugu, na ndugu haposi dada yake.

Kukataa kwa pili kumo katika *bora kuliko mimi*. Msemaji amejishusha ili kijana asione kwamba kasoro ni yake. Kosa la kawaida ni kuijibu sifa: *Hapana, wewe ndiye bora kwangu.* Jibu hilo hupinga maneno na kuliacha kusudio lake. Ulinganisho huu haukutolewa ili uthibitishwe wala ukanushwe. Umetolewa ili mazungumzo yaishe kwa amani.

Kukataa kwa tatu ndiko kunakopotosha wengi, kwa kuwa hufanana na kuahirisha. *Kwanza* ni neno la mfuatano, na msikilizaji hutarajia *kisha* au *halafu*. Hapa sehemu ya pili haikutajwa. Tena kitenzi *nimalize* kimo katika dhamira tegemezi: kinaeleza kusudi la msemaji, hakimwahidi msikilizaji chochote. Linganisha na sentensi hii:

*Nikimaliza masomo mwezi Novemba, nitakupeleka kwa wazazi wangu.*

Sasa *-ki-* imeweka sharti, *-ta-* imetoa ahadi, na kiambishi *-ku-* katika *nitakupeleka* kimemtaja msikilizaji ndani ya ahadi hiyo. Huku ndiko kuahirisha.

Hata hivyo, sarufi pekee haitoshi kukata shauri. Huenda mwanafunzi akasema *kwanza nimalize masomo* kwa ukweli mtupu, akiwa hajui la kuahidi. Mwenye shaka na aulize mara moja, kwa adabu: *Je, nikungoje?* Anayetaka kungojwa atasema *ningoje*. Jibu likiwa *usijisumbue*, *tuombe uzima* au *Mungu akipenda* bila neno jingine, lichukuliwe kuwa ni kukataa, na swali lisirudiwe.

Jibu linalofaa ni fupi: *Nimekuelewa, dada. Nakutakia masomo mema.* Hulipokea kusudio bila kumlazimisha msemaji atamke lile neno kali alilojitahidi kulikwepa. Wahenga walikwisha kulisema: *akufukuzaye hakwambii toka*.