Kijani Chetu Ndicho Kipi?

Chama kimoja cha akiba na mikopo kiliniita kusaidia matangazo ya mkutano mkuu. Mezani niliwekewa kadi ya biashara, fulana na kipeperushi. Nembo ilikuwa ileile, jani la kijani, lakini kwenye kadi kijani kilielekea bluu, kwenye fulana kilikuwa cha embe bichi, na kwenye kipeperushi kilikuwa kimepauka. Wachapaji walikuwa watatu na sikuona wa kulaumiwa, maana kila mmoja alirushiwa picha kwa WhatsApp na kuambiwa, "Weka kijani chetu."

Mwongozo wa chapa ni wa kujibu swali hilo kabla halijaulizwa. Rangi iandikwe kwa namba, tena zaidi ya moja, kwa kuwa skrini hutengeneza rangi kwa mwanga, na mashine kwa wino. Tuseme kijani chenu ni Pantone 348 C. Kwenye tovuti huandikwa #00843D. Mashine ya wino nne hukikaribia kwa asilimia 96 za samawati, 2 za majenta, 100 za njano na 12 za nyeusi. Mchapa fulana anayekoroga wino wake mwenyewe anahitaji namba ya Pantone yenyewe. Ile C ni ya karatasi laini iliyopakwa. Karatasi ya kawaida hunywa wino, rangi ikafifia, na ndivyo kilivyopauka kile kipeperushi. Kwa hiyo mwongozo utaje na karatasi, na mchapaji apewe kipande kilichokwisha kuchapwa alinganishe kwa jicho. Simu mbili tu zikiwekwa pamoja hazionyeshi kijani kimoja.

La pili ni faili. Picha ya WhatsApp imebanwa. Ukiikuza hadi bango la mita tatu, kingo zake huwa ngazi-ngazi. Mchapaji apewe PDF au SVG iliyochorwa kwa mistari, ambayo haiharibiki ikikuzwa. Lakini wapo wanaobandika JPEG ndani ya PDF wakaamini wamemaliza. Ifungue, uikuze mara kumi: kingo zikibaki kali, ni nembo halisi, zikiwa na ukungu, irudishe.

Mfanyakazi mgeni hatasoma kurasa arobaini, nami simlaumu. Ukurasa wa kwanza umwambie faili gani ni ya barua, ipi ya mtandaoni, ipi ya mchapaji, na nani wa kuidhinisha kabla ya kuchapa. Baada ya hapo aonyeshwe kwa picha nembo iliyovutwa ikanenepa, na iliyowekwa juu ya rangi inayoimeza, pamoja na ile nyeupe ya kutumia hapo. Kipimo cha chini msikikisie: ichapeni ikizidi kuwa ndogo, milimita 30, 20, 15, na pale jina linaposhindwa kusomeka, rudini hatua moja.

Chama kile kiliishia na kurasa sita na bahasha. Ndani ya bahasha mna vipande viwili vya karatasi na kimoja cha kitambaa, vyote vya kijani, na karani haagizi kazi ya kuchapa bila kuibeba.