Kivu Kaskazini: Vijiko vingapi vya chachu kwa lita ngapi za maziwa? Hesabu ya yaurti ya nyumbani, Masisi na Walikale

Katika wilaya ya Masisi maziwa hushuka kutoka milimani ndani ya mabidoni, na nyumba yenye ngombe wawili au watatu inaweza kubaki na lita kadhaa ambazo hazikupata mnunuzi. Walikale, upande wa msitu, ngombe ni wachache, na watu wengi hutumia maziwa ya unga. Pande zote mbili wapo akina mama wanaotengeneza yaurti ya kula na ya kuuza, na pande zote mbili sufuria nzima inaweza kuharibika kwa sababu moja: chachu iliyowekwa kwa kukisia.

Chachu ni yaurti kidogo iliyo hai, isiyo na sukari wala ladha, inayochanganywa na maziwa ya vuguvugu ili vijidudu vyake viyagandishe. Kivuguto cha nyumbani hakifai kwa kazi hiyo. Vijidudu vya kivuguto hupenda ubaridi wa kawaida wa nyumba ya Masisi, lakini vya yaurti huhitaji joto la digri 40 hadi 45. Kijiko cha kivuguto ndani ya maziwa ya moto hakitazaa yaurti.

Kipimo chenyewe ni rahisi kukumbuka: vijiko viwili vikubwa vya mezani kwa kila lita moja ya maziwa. Kijiko kimoja kikubwa hubeba mililita 15, kwa hiyo vijiko viwili ni mililita 30, yaani sehemu 3 kwa 100. Lita 5 zinahitaji vijiko 10, na lita 10 zinahitaji vijiko 20. Ukubwa wa sufuria haubadilishi uwiano huo.

Wengi wakiona yaurti imekuwa nyepesi, mara inayofuata huongeza chachu maradufu. Hapo ndipo hasara huanza. Chachu ikizidi, maziwa huwa machungu upesi kabla hayajashikana vizuri. Yaurti hutoka na chembechembe kama mchanga, na maji ya kimanjano huelea juu yake. Chachu ikipungua sana, maziwa hukaa saa nyingi bila kuchachuka, na vijidudu vingine vya hewani au vya chombo hupata nafasi. Yaurti nyepesi mara nyingi inatokana na joto, si na uchache wa chachu.

Chukua mfano wa mama wa Masisi mwenye lita 5. Anachuja maziwa kwa kitambaa safi, anayaweka juu ya mbabula na kuyakoroga mpaka yachemke. Katika mwinuko wa mita 2,000, maji huchemka karibu na digri 93, si 100. Kwa hiyo hatoi sufuria mara tu povu linapopanda; anapunguza makala na kuacha maziwa yatokote polepole dakika 10. Joto hilo linaua vijidudu vibaya, na pia ndilo linaloifanya yaurti kuwa nzito.

Baadaye anaweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi na kuifunika. Kama hana kipimajoto, ananawa mikono kwa sabuni na kugusisha kidole kwenye maziwa: kidole kikisikia moto lakini kikivumilia mpaka ahesabu kumi, joto linatosha. Kikishindwa kuvumilia, chachu itakufa. Kisha anapima vijiko 10 vya chachu katika kikombe, anailainisha kwa maziwa kidogo ya sufuria ileile, anaimimina yote na kukoroga polepole. Kuanzia hapo sufuria haitikiswi tena.

Usiku wa Masisi ni baridi, na hapo ndipo ukubwa wa kipimo unapohesabiwa. Lita moja ndani ya sufuria ndogo hupoa haraka, na kazi husimama katikati. Lita 5 zilizofunikwa kwa blanketi mbili, mbali na upepo wa mlango, hushika joto muda mrefu zaidi. Mwenye lita moja tu afadhali aiweke ndani ya termosi. Baada ya saa 6 hadi 8, chombo huinamishwa kidogo: yaurti ikiachana na ukuta kwa pamoja kama uji uliopoa, imeiva.

Mwenye bidoni la lita 20 anaweza kufikiri kwamba sufuria moja kubwa itamletea faida zaidi. Lakini lita 20 huchukua muda mrefu kupoa kabla ya kuwekwa chachu, na huo ndio muda ambao uchafu huingia. Zikishaganda, joto hubaki katikati ya sufuria, na yaurti ya katikati huendelea kuwa chungu wakati ya pembeni imeshatulia. Ni bora azigawe katika sufuria nne za lita 5, kila moja na vijiko vyake 10.

Walikale hesabu hubadilika kidogo kwa sababu hali ya hewa ni ya joto. Kwa lita 2 za maji yaliyochemshwa na kuachwa yawe vuguvugu, huwekwa gramu 260 za maziwa ya unga. Pakiti ya gramu 500 hutoa karibu lita 4. Chachu inaweza kupungua mpaka vijiko 3 kwa lita hizo 2. Hapo shida si baridi. Ni yaurti kuachwa muda mrefu kupita kiasi. Huanza kukaguliwa baada ya saa 4, na ikishaganda huwekwa mara moja mahali pa baridi. Pasipo na frigo, chombo huwekwa ndani ya maji baridi, na hutengenezwa ile tu itakayoliwa au kuuzwa siku hiyo au kesho yake.

Kabla ya kutumia maziwa ya mnunuzi asiyemjua mfugaji, au chachu iliyosafiri kwenye joto, glasi moja inaweza kuokoa bidoni zima. Mililita 200 za maziwa yaliyochemshwa na kupozwa huchanganywa na kijiko kidogo kimoja cha chachu, kisha huwekwa ndani ya termosi. Glasi ya pili hufanywa kwa maziwa ya unga na chachu ileile. Zikiganda zote ndani ya saa 6, kazi inaweza kuanza. Ya unga ikiganda na ya ngombe ikibaki maji, kosa liko katika maziwa: huenda ngombe alichomwa dawa ya antibiotiki, kama penisilini au tetrasiklini, ambayo inaua chachu na haiondoki kwa kuchemshwa. Maziwa hayo hayafai hata kunywewa mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa zipite. Zisipoganda zote mbili, chachu ndiyo imekufa.

Chachu ya safari inayofuata hutolewa kwenye yaurti mpya kabla ya sukari na kabla ya kijiko cha mlaji kugusa. Kwa lita 5 zijazo, huwekwa mililita 150 ndani ya chupa iliyochemshwa. Kwenye frigo hutumiwa kabla ya wiki moja kupita. Bila frigo, kesho yake. Baada ya mara nne au tano nguvu yake hupungua, na hapo hununuliwa chachu mpya. Yaurti yenye mapovu mengi, utelezi wa nyuzinyuzi, au rangi ya pinki au ya kijani haitolewi chachu wala hailiwi: humwagwa.